Sampuli B ya Mzee Nyamhanga

Mimi ni fundi cherehani, jina langu Kudura, na cherehani yangu imekaa baraza moja na steshenari ya Safina, pale Bunda, upande wa barabara ambako mabasi ya Musoma yanapunguza mwendo. Nayasema haya mapema ili asije mtu akaniuliza nilijuaje. Nilijua kwa sababu baraza ni moja na ukuta ni mbao, na kwa sababu Safina akiwa na jambo zito haendi kwa mtu mwingine, hata kama asubuhi yake tulikuwa tumenuniana.

Na tunanuniana sana. Yeye ni mtu wa kupangusa meza kila saa, mimi nyuzi zangu zinaruka hadi mlangoni kwake. Marehemu baba yake alikuwa fundi saa aliyetoka Tabora akaoa huku ziwani, na nadhani ndiko Safina alikotoa yale macho ya kuona vitu vidogo. Akikuandikia barua ya kuomba kazi utarudishwa mara tatu kwa sababu ya tarehe uliyosema vibaya. Ukikasirika anakuangalia tu mpaka hasira zikuishe. Mimi hazijawahi kuniisha, lakini nguo zangu nampelekea aninusie kama pasi imeunguza, maana najua atasema kweli.

Zamani kazi yake ilikuwa kuchapa, kutoa kopi na kubandika picha za pasipoti. Karatasi za hospitali zilikuja zenyewe. Siku hizi mtu akipimwa anapewa majibu mkononi au anatumiwa kwenye simu, na majibu yenyewe yameandikwa kwa Kiingereza cha kidaktari, kile ambacho hata mwalimu wa sekondari akikishika anaanza kusafisha koo. Daktari anapatikana siku ya kliniki. Siku ya kliniki iko mbali, na hofu haisubiri. Basi mtu anapita kwa Safina, anasogea dirishani, anasema kwa sauti ya chini, dada, hebu niangalizie hapa wamesemaje.

Anavyofanya nimeona mpaka nimechoka. Anachukua kipande cha karatasi nyeupe anafunika pale juu, penye jina na namba ya mgonjwa, kwa sababu hataki jina la mtu lizunguke mtandaoni. Analaza karatasi kwenye skana uso chini, anafunika mfuniko. Picha ikitokea kwenye kompyuta, programu inayatoa maandishi kwenye ile picha na kuyapanga yawe maandishi ya kawaida. Hapo Safina hamwamini mtu. Anarudia picha na maandishi mstari kwa mstari, kwa sababu kuna siku programu ilikula nukta, na sukari ya tano nukta sita ya kijana mmoja ikawa hamsini na sita, wakati kijana mwenyewe amesimama dirishani anatafuna hindi. Akiridhika ndipo anayapeleka maandishi kwa akili mnemba na kuiandikia: eleza kwa Kiswahili chepesi, usiongeze kitu kisichoandikwa. Ikishamjibu anasoma yeye kwanza, anabadilisha maneno magumu, anachapa, anakupa.

Kuna kitu kimoja alikuwa anafanya kabla ya kuchapa, na kwa hicho sikumlaumu hata siku moja. Alikuwa anakata mkia. Kila maelezo ya ile akili mnemba yanaishia kwa aya ndefu ya kujihami: haya si ushauri wa daktari, muone mtaalamu, inawezekana kukawa na hili, angalia na lile. Wateja walikuwa hawaipendi. Wengine walisema, sasa kama ni kwenda kwa daktari kwako nimefuata nini. Mama mmoja aliyetoka Butiama na majibu ya mtoto, majibu mazuri tu, alifika kwenye huo mkia akakuta maneno "inaweza kuwa dalili ya", akakaa chini pale pale barazani. Tulimpepea kwa vitambaa vyangu. Tangu siku ile Safina alikuwa akifika kwenye aya ya mwisho anaifuta bila kuisoma, na anakwambia kwa mdomo wake, ukimaliza hapa nenda kwa daktari wako.

Sasa Esta. Esta ni binti wa mzee Nyamhanga wa Guta, anauza samaki, furu na dagaa, na kila akija mjini ananiachia harufu barazani na habari zote za kwao. Kwa miezi mingi habari ilikuwa moja. Baba yake alikuwa ameanza kukwamwa na chakula. Kwanza nyama, halafu ugali, halafu ugali wenyewe ukiloweshwa kwenye mchuzi. Mzee ana ng'ombe wake na shamba la pamba, mtu wa kazi ngumu, na alikuwa amepungua mpaka mkanda anaufunga kwa tobo alilotoboa kwa msumari. Mwishowe watoto walimbeba Musoma, kwenye hospitali moja ya binafsi, wakamwingiza mpira wenye kamera kooni hadi tumboni, wakamkata vinyama vidogo vya kupeleka kupimwa Mwanza. Majibu yalipotoka Esta aliyafuata. Daktari hakuwepo, akaambiwa: Alhamisi mlete mzee na hii karatasi, aje aelezwe.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Aliteremka kwenye basi, hakwenda hata Guta, akaja moja kwa moja dirishani.

"Dada Safina, siwezi kufika nayo nyumbani hivi hivi," alisema. "Baba ataniangalia usoni. Nitamwambia nini?"

Safina alifunika jina, akalaza karatasi, akafanya yote kama kawaida yake. Esta alikaa kwenye benchi langu anavuta uzi kwenye kanga mpaka nikamshika mkono, maana kanga yenyewe nilimpindia mimi. Safina alipotoka na karatasi iliyochapwa alikuwa anatabasamu, na yeye si mtu wa kutabasamu ovyo.

Alimsomea kwa sauti. Ukuta wa tumbo umevimba na kuchubuka kwa muda mrefu. Wameonekana bakteria wanaokaaga tumboni na kusababisha hali hiyo. Wanatibika kwa dawa za hospitali. Katika sampuli hii hakuna saratani iliyoonekana.

Esta alimfanya asome tena huo mstari wa mwisho. Halafu alilia, akampigia baba yake, akaweka spika, Safina akausoma mara ya tatu kwenye simu. Kule upande wa pili tulisikia ng'ombe.

"Kwa hiyo ni tumbo," mzee alisema.

"Ni tumbo, baba," Safina alisema. "Shikamoo."

"Marahaba. Mungu akubariki, binti yangu." Halafu akasema na mtoto wake. "Esta, kama ni tumbo, hiyo Alhamisi siendi tena. Ile kamera sitaki kuiona. Dawa za tumbo hapa ziko, nitanunua. Nyie rudini kwenye kazi zenu."

Esta alisema sawa baba. Mimi nilisema Alhamdulillahi kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Safina alisema kile anachosemaga, kwamba ni vizuri kwenda kwa daktari, lakini alikisema huku anacheka, na mtu akicheka huku anakwambia nenda, unakaa. Esta akaondoka mbio, karatasi ya Kiswahili ameikunja kifuani.

Jumatano asubuhi mteja alikuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano. Nilisikia mfuniko wa skana ukifunguliwa, halafu sikusikia kitu kingine, wala ile sauti ya taa yake kupita. Mteja akasema, dada vipi. Safina aliniita jina langu kwa namna ambayo niliacha uzi ukaanguka.

Karatasi ya Nyamhanga ilikuwa bado imelala kwenye kioo. Esta alikuwa ameisahau, kama wateja wote wanavyosahau, na uso wa karatasi ulikuwa chini kama ilivyolazwa. Kwa hiyo kilichokuwa kinatutazama juu ni mgongo. Na mgongo ulikuwa na maandishi.

Nusu ukurasa. Juu kabisa palikuwa na alama ya ukurasa wa pili. Ule wa kwanza nao ulikuwa umeandikwa juu yake kuwa ni wa kwanza kati ya kurasa mbili, kwenye kona ile ile ya jina, ambayo Safina aliifunika kwa kipande chake cha karatasi nyeupe.

Alimwambia yule mteja aende duka la jirani. Akafunga dirisha. Akaskani ule upande wa nyuma, akayatoa maandishi, akayalinganisha na karatasi kwa rula, mstari kwa mstari. Nilisimama nyuma yake. Sikujua Kiingereza kile lakini niliona herufi moja imekaa peke yake mwanzoni, B.

"Vinyama vilikuwa viwili," Safina alisema. "A ni ya tumboni. Nilichomsomea ni A. Hii B ni ya umio, koo la chakula. Pale ugali unapokwama."

"Inasemaje?"

Aliipeleka kwa ile akili yake, akasubiri, akasoma. Safari hii alisoma hadi chini. Kisha alifanya kitu nilichotamani asifanye: akarudi kwenye kazi ya jana, akafungua jibu lenyewe kama lilivyokuja kabla hajalikata. Mkia ulikuwepo. Alinisomea. Ulisema, zingatia kwamba mwanzo wa ripoti hii unataja sampuli mbili, A ya tumbo na B ya umio, lakini majibu ya B hayamo kwenye maandishi niliyopewa. Tafadhali angalia kama kuna ukurasa mwingine.

"Iliniambia," alisema. "Da Kudura, iliniambia na nikafuta."

Niliogopa. Nasema wazi niliogopa, na hofu yangu ya kwanza haikuwa ya mzee, ilikuwa yetu. Niliona watu wa Guta wakija barazani. Niliona duka limefungwa na kibandiko, na mimi nikihamisha cherehani. Safina naye aliwaza hayo hayo, kwa sababu alisema polepole kama mtu anayeongea usingizini, wakijua watasema nimemuua.

Nikampa shauri. "Mpigie Esta. Mwambie amesahau karatasi yake, aifuate, aipeleke kwa daktari. Basi. Hakuna haja ya kusema mengine."

"Ataifuata ataiweka kabatini. Daktari wa nini, wakati anayo yangu?"

Tulimpigia Esta, simu haipatikani. Tukampigia tena. Huko mwaloni, ufukweni wanakoshushia samaki, mtandao unakujaga ukipenda wenyewe. Safina alichapa ule ukurasa mpya, akakunja karatasi zote pamoja na ile ya hospitali, akazitia kwenye mkoba, akasimama katikati ya duka bila kusogea.

"Kama anakufa na anafurahi," alisema, "mimi ni nani wa kumkatiza?"

"Nani kakwambia anakufa?" nilimjibu kwa ukali, kwa sababu nikiogopa huwa nafoka. "Hujui kama anakufa. Unajua kesho ni kliniki na haendi. Chukua mtandio wako."

Tulipanda bodaboda moja. Njia nzima Safina alikuwa anarudia maneno kwa sauti ya chini, anayapanga, anayavunja. Nilimsikia akijaribu "chembe zimebadilika", akaacha, akajaribu "zimeanza kuharibika", akaacha. Nilitaka kumwambia anyamaze lakini nilikuwa na vumbi mdomoni.

Kwa mzee Nyamhanga palikuwa na watu. Majirani walikuwa wamekuja kumpa pole iliyogeuka kuwa hongera, na jiko lilikuwa linanukia kuku. Ukutani sebuleni, pembeni ya kalenda, walikuwa wamebandika kwa misumari ile karatasi ya Safina. Esta alitupokea kwa kelele, akataka kutuletea sahani.

Safina alisalimia kila mtu kwa mkono. Halafu akamwambia mzee anaomba waongee pembeni, na mzee akamwangalia kwa muda, akanyanyuka akatupeleka nyuma ya zizi, mimi, Safina na Esta. Alikaa kwenye gogo. Karibu na gogo kulikuwa na rundo la majivu, na kwenye majivu nikaona vipande vya nyama ya kuku vilivyotemwa, vimefunikwa nusunusu kwa mguu.

"Mzee, jana nilikusomea upande mmoja wa karatasi," Safina alisema. "Karatasi ina pande mbili. Upande wa pili sikuuona. Kosa ni langu, si la Esta wala la hospitali."

Esta alishika mdomo.

"Walikukata vinyama sehemu mbili. Kimoja tumboni. Nilichokwambia cha tumbo ni kweli, wadudu wapo na dawa zake zipo. Kingine walikata kwenye koo la chakula, pale pembamba. Hicho sikukusomea."

"Nisomee."

Alitoa karatasi. Alisoma taratibu. Ngozi ya ndani ya koo la chakula, pale walipokata, chembe zake zimebadilika sana, kwa kiwango cha juu. Mabadiliko ya namna hiyo yasipotibiwa yanaweza kuwa saratani. Katika kipande hiki haikuonekana saratani iliyopenya kwenda ndani. Lakini kipande kilikuwa kidogo na cha juujuu, na mpimaji anashauri kipimo kirudiwe mapema, wakate ndani zaidi.

"Kwa hiyo ni kansa," mzee alisema.

"Karatasi haijasema ni kansa."

"Basi si kansa."

"Haijasema hivyo pia, mzee. Imesema hawajaona vya kutosha, na kwamba walichokiona hakitakiwi kuachwa."

Mzee alicheka kidogo, bila furaha. "Binti, jana umeniambia ni tumbo. Karatasi yako ipo ukutani, watu wameisoma. Leo unakuja na nyingine. Mimi niamini ipi? Na kesho utaleta ya tatu?"

Nilimtazama Safina. Nilidhani atajitetea, maana kujitetea anakujua, tena kwa mpangilio. Alipiga magoti pale chini, na gauni lake jeupe, kwenye samadi.

"Usiamini ya kwangu hata moja," alisema. "Mwamini aliyeingiza kamera. Yeye aliona kwa macho. Mimi nimeona maandishi tu, tena nusu. Kesho yupo. Nakuomba, mzee, usinifanye mimi niwe sababu ya wewe kutokwenda."

Esta alikuwa analia kwa sauti sasa. Mzee alimwambia mtoto anyamaze. Akachukua kijiti akawa anachokonoa yale majivu, akavifukua vile vipande vya nyama alivyovificha, akavisogeza mbele yetu kimoja kimoja.

"Tumbo haliniumi," alisema. "Halijawahi kuniuma. Jana uliposoma ni tumbo, nilijua umekosea. Nilijua na nikasema Mungu akubariki." Alitupa kijiti. "Kule Musoma kamera ilipofika hapa," akajigusa chini ya shingo, "nilimwona daktari ametulia ghafla. Alikuwa anaongea na nesi habari za watoto, akaacha. Tangu hapo naogopa. Nilikuwaga naingia kwenye maji ya mamba kutoa ndama, sikuogopa hivi. Ulinipa mahali pa kujificha, nikaingia."

Mimi nilimshika mzee bega, jambo ambalo si adabu, na hakuliondoa.

Alhamisi walikwenda. Safina alifunga duka akaenda nao, na mimi nikabaki barazani nikishona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja. Alinisimulia jioni yake. Daktari alipopewa karatasi aliigeuza nyuma kabla hata hajakaa vizuri. Aliuliza wameambiwa nini, Safina akasema yote, na la mkia. Daktari hakumfokea. Alisema tu kwamba mzee angekuja mwezi ujao, pengine koo lingekuwa limeshajifunga, halafu akasema na mzee kwa lugha nyepesi kuliko ya Safina, na wiki ile ile wakamrudishia kamera na kukata tena, ndani zaidi.

Kisha tukasubiri. Safina aliendelea kupokea karatasi za watu lakini mikono ilikuwa mizito. Alikuwa anageuza kila karatasi, hata zile nyeupe kabisa nyuma, na mkia hakuukata tena. Aliusoma wote, kwa sauti, hata mteja akiguna. Wengine waliacha kuja. Hakula vizuri. Kila simu ilipoita alinitazama mimi kwanza kama kwamba mimi ndiye ninayepiga.

Simu yenyewe ilikuja mchana, jua kali, wateja wawili wamesimama dirishani. Aliona jina la Esta akaiweka mezani inaita. "Pokea wewe," aliniambia. Nilitoka nayo hadi kwenye cherehani yangu.

Esta hakuzunguka. Alisema majibu yametoka. Ni saratani. Imeanza kupenya lakini kidogo, na picha ya kifua waliyopiga haijaonyesha kuwa imetoka nje ya koo la chakula. Wamempa rufaa ya Mwanza, wanaondoka kesho na ndugu wawili, madaktari wamesema bado kuna cha kufanya, ingawa hawakuahidi. Nilimuuliza mzee yukoje. Akasema yuko hapa, anataka simu.

"Huyo ni nani?" mzee aliuliza.

"Kudura, fundi. Shikamoo, mzee. Safina yupo hapa, ila ana mteja."

"Muache na mteja wake." Sauti yake ilikuwa nyembamba, na alisimama kumeza mate kabla ya kuendelea. "Mwambie hivi. Mwambie angekaa kimya, ningemshukuru mpaka nakufa, na kufa kwenyewe kusingechelewa."

Simu ikakatika. Safina alikuwa ameshatoka mlangoni, amesimama anashikilia fremu, ananiangalia mdomo, na ilibidi nimwambie yote, kuanzia saratani hadi neno la mwisho, bila kupunguza.